Milioni 50 zimekwenda, deni bado milioni 52

*Shangazi, shikamoo. Miaka mitano iliyopita nilikopa benki milioni 60 tukanunua nyumba Goba. Riba ni asilimia 15 kwa mwaka, muda miaka 15, na kila mwezi nakatwa 839,752. Juzi nimechukua taarifa ya mkopo: nimeshalipa milioni 50 na ushee, lakini salio ni milioni 52 na elfu 50! Mume wangu anasema ama nimeibiwa ama kuna pesa nilikuwa naichepusha. Hatuongei vizuri. Kikoba chetu kimegawana, nina milioni 5. Yeye anataka tujenge ukuta, mimi natamani nipunguze deni. Nifanyeje?*
*Mama wa Goba*

Marahaba, mwanangu. Hujaibiwa, wala hujaiba. Leo jioni kaa na baba watoto, mshike kalkuleta ya simu, mfanye hesabu hii pamoja.

Zidisheni milioni 60 kwa 0.15, mgawanye kwa 12. Mtapata 750,000. Hiyo ndiyo riba ya mwezi wa kwanza peke yake. Katika ile 839,752 uliyokatwa, kilichogusa deni lenyewe ni 89,752 tu. Mwezi uliofuata riba ikapungua kidogo sana, kipande kinachogusa deni nacho kikaongezeka kidogo, na ndivyo mlivyokwenda miaka mitano. Kati ya milioni 50 ulizotoa, zaidi ya milioni 42 zilikuwa riba, na deni limeshuka kwa karibu milioni 8. Inauma, najua, lakini salio lako ni sahihi kabisa kwa mkopo wa riba hiyo na muda huo. Mwonyeshe hilo kabla hamjafika kwenye habari ya ukuta, maana mtu anayekushuku hawezi kukusikiliza.

Sasa hizo milioni 5. Mwezi huu riba yako ni kama 650,600, na kinachopunguza deni ni 189,100 hivi. Ukijumlisha vipande vya namna hiyo, vile vinavyogusa deni, kwenye marejesho 23 yajayo, unapata milioni 5. Kwa hiyo ukiziingiza leo kwenye deni, ni kama umeruka marejesho 23, na riba iliyokuwa inakusubiri ndani yake hutailipa. Badala ya miezi 120 iliyobaki utamaliza kwa 97 hivi, na utaokoa kama milioni 14 za riba. Ukuta hauwezi kukurudishia hivyo. Kama ada za watoto zimeshatengwa na mna akiba ya ugonjwa, mimi ningepeleka benki. Ila hakikisheni hayo mawili kwanza, kwa sababu pesa ikishaingia kwenye deni huwezi kuiomba irudi.

Lakini sikiliza hapa vizuri, maana ndipo watu wengi wanapopotezea. Ukipeleka pesa ya ziada, benki inaweza kukuachia muda uleule wa miezi 120 na kukupunguzia rejesho. Rejesho lako litashuka hadi kama 759,000, utafurahi kila mwezi, ila riba utakayookoa kwa miaka yote kumi haitafika hata milioni 5. Pesa ni ileile, tofauti ni karibu milioni 10! Kwa hiyo andika barua, usiishie kumwambia afisa mikopo kwa mdomo: milioni 5 zipunguze deni la msingi, rejesho libaki 839,752, muda ndio upungue. Omba jedwali jipya la marejesho, na nakala ya barua igongwe muhuri. Kabla ya hapo soma mkataba wako, sehemu ya kulipa kabla ya wakati, uone kama kuna ada na ni kiasi gani. Angalia pia kama riba yako inaweza kubadilishwa, kwa sababu ikipanda, hiyo miezi 97 itaongezeka.

Mimi niliwahi kupeleka ziada yangu bila barua. Ilikaa kwenye akaunti miezi minne, ikikatwa kidogo kidogo kama marejesho ya kawaida, na deni halikupungua hata shilingi moja zaidi ya kawaida. Niliumia sana, ndiyo maana nakusisitizia.

Mwezi utakaofuata chukua tena taarifa ya mkopo, utazame mstari wa riba. Milioni 5 zikiwa zimeingia mahali pake, riba itakuwa imeshuka kwa zaidi ya 62,000, iwe kama 588,000 au chini kidogo. Ukikuta bado iko kwenye laki sita na nusu, rudi siku hiyohiyo na nakala yako yenye muhuri, na uende na mumeo.