Aya ya mshahara katika waraka wa mgomo

Nimeandika nyaraka za menejimenti kwa wafanyakazi katika migomo mitatu. Kila mara maswali na hasira vilirundikana kwenye aya moja: ile ya mshahara. Kwa hiyo siku hizi ninaianza hiyo, kabla hata ya salamu.

Katika mgomo wa kwanza niliandika hivi: "Wafanyakazi wanakumbushwa kwamba atakayeshiriki mgomo atakatwa mshahara na hatua stahiki zitachukuliwa dhidi yake." Niliona ni lugha ya kawaida ya ofisi. Kufika mchana waraka ulikuwa umebandikwa getini, na maneno "hatua stahiki" yamezungushiwa wino mwekundu. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akaniuliza, hatua gani? Sikuwa na jibu. Chama kilikuwa kimepiga kura na kutoa notisi kwa utaratibu, na hakuna kikao chochote kilichokuwa kimeamua hatua yoyote. Nilikuwa nimetisha watu kwa jambo lisilokuwepo.

Tangu hapo ninalifuta neno lolote ambalo siwezi kulieleza nikiulizwa ana kwa ana: "hatua stahiki", "madhara yake", "menejimenti haitavumilia". "Mnakumbushwa" nalo linaondoka, maana msomaji analisikia kama kidole kinachonyooshwa usoni. Panapobaki pengo, ninaweka kiasi, tarehe na mtu wa kuulizwa.

Aya ninayoitumia sasa iko hivi: "Siku ambayo mfanyakazi hakufanya kazi kwa sababu ya mgomo haitalipwa. Siku moja inahesabiwa kuwa sehemu moja ya 22 ya mshahara wa mwezi, kama ilivyo kwenye mkataba wa hali bora. Makato yatafanyika mwezi ujao, kwa sababu orodha ya mishahara ya mwezi huu imeshafungwa. Aliye kwenye likizo iliyoidhinishwa kabla ya mgomo hahusiki. Ukiona kosa kwenye hati yako ya mshahara, wasiliana na mhasibu wa mishahara, nasi tutalirekebisha." Hiyo 22 usiinakili, kwa kuwa kila mahali pana mkataba wake na sheria yake. Hata kuhusu likizo na ugonjwa, mwanasheria na mhasibu wasome kabla hujatuma.

Nasisitiza mhasibu kwa sababu katika mgomo wa pili nilimruka. Niliandika kwamba siku moja ni sehemu moja ya 30, nikidhani mwezi ni siku 30. Mfumo wa mishahara ulikuwa unagawa kwa 22, yaani siku za kazi tu. Chukua mshahara wa 660,000. Kwa hesabu yangu siku 3 za mgomo zilikuwa 66,000, lakini mfumo ulikata 90,000. Hizo 24,000 za ziada watu walizisoma kama adhabu waliyofichwa, na wangewezaje kuzisoma vinginevyo? Mimi ndiye niliyekuwa nimewapa namba nyingine kwa maandishi.

Tulituma marekebisho siku hiyo hiyo, kwa watu wale wale, kwa kichwa cha habari kile kile kikiongezwa neno "Marekebisho". Sentensi ya kwanza ilitaja tulichokosea, ya pili namba sahihi na sehemu ya mkataba inakotoka. Kubadilisha waraka kimyakimya kwenye tovuti ya ndani kungekuwa kosa la pili, kwa sababu wa zamani tayari ulikuwa kwenye simu za watu.

Namba za mahudhurio nazo zina mtego wake. "Wafanyakazi wengi wamefika kazini" haimsaidii mtu yeyote, na aliye nje getini atahesabu mwenyewe. Ninaandika: "Hadi saa 4 asubuhi, zamu ya kwanza ilikuwa na watu 112 kati ya 180 waliopangwa." Sisemi kwamba wale 68 wamegoma, maana baadhi yao wanaweza kuwa wagonjwa au likizoni. Wala siwaulizi watu mapema kama watagoma, isipokuwa sheria ya mahali hapo inaruhusu na swali linasema wazi kwamba halilazimishi jibu.

Kuhusu madai yenyewe, ninaeleza tu kile ambacho menejimenti imeshakiweka mezani mbele ya chama. Pendekezo jipya likiwafikia wafanyakazi kabla ya wawakilishi wao, linasomeka kama njia ya kuzunguka mazungumzo, hata likiwa zuri. Nakala ya waraka huenda kwa katibu wa chama saa ile ile unapotumwa kwa wote.

Na situmi usiku wa kuamkia mgomo. Ujumbe wa mshahara unaoingia kwenye simu saa 5 usiku, mhasibu akiwa amelala na hakuna wa kumuuliza, humkosesha mtu usingizi hata kama kila neno ndani yake ni sahihi. Waraka wangu hutoka saa 3 asubuhi, na simu ya mhasibu ina mtu wa kuipokea.