Umekosa kazi baada ya usaili? Litafute swali lililokukwamisha

Ujumbe wa "tunasikitika kukuarifu" ukiingia kwenye simu, usiujibu jioni hiyo hiyo. Mtu mwenye uchungu huandika maneno ambayo kesho yake angetamani kuyafuta, na Tanga ni mji ambao watu wa viwandani na wa bandarini wanafahamiana. Waambie wa nyumbani kwamba umekosa, wasiendelee kukuuliza kila siku. Kula, lala. Kesho yake tafuta swali lililokukwamisha.

Wengi huishia kusema "sikujiamini". Hilo haliwezi kufanyiwa kazi. Hakuna mtu anayekaa chini asubuhi akajifunza kujiamini, lakini kujibu vizuri swali moja mtu anaweza kujifunza.

Chukua daftari, chora safu tatu: walichouliza, nilichojibu, walichofanya baada ya jibu langu. Safu ya tatu ndiyo yenye siri. Wasaili wakirudia swali kwa maneno mengine, au wakiuliza "halafu?" mara mbili, mara nyingi ni kwamba kuna kitu walikuwa wanakisubiri na hukukitaja. Safu hizi zijazwe siku ile ile ya usaili, kabla majibu hayajatoka, kwa sababu ukishajua umekosa, akili hukumbuka aibu na kusahau maneno.

Tuchukue mfano wa binti wa Ngamiani aliyeomba kazi ya kutunza stoo kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Aliulizwa: "Kadi ya stoo inaonyesha mifuko 200 ya saruji. Umehesabu, umepata 192. Utafanya nini?" Akajibu, "Nitamwambia bosi." Wakamuuliza, "Kabla ya hapo?" Akarudia kwamba bosi lazima ajue.

Jibu lake halikuwa la uongo, lilianzia mwisho. Mtunza stoo kwanza anahesabu upya, akiwa na mtu wa pili. Kisha anapitia hati za kupokelea na za kutolea mzigo tangu siku hesabu ilipolingana mara ya mwisho, maana mara nyingi mifuko imetoka na karatasi haijaingizwa kwenye kadi. Anaangalia pia mifuko iliyopasuka au iliyoganda ikawekwa pembeni. Kwa unyevu wa pwani yetu, saruji iliyolazwa sakafuni bila chaga chini yake haichelewi kuganda. Baada ya hapo anaripoti kwa maandishi, na haigusi namba ya kadi mpaka aidhinishiwe. Hapo ndipo wasaili wanapotega sikio: anayesahihisha kadi kimya kimya anaweza kufunika wizi, hata kama hakukusudia.

Ukishaliona swali, jiulize: nilikuwa sijui, au nilijua nikashindwa kulisema? Dawa zake ni tofauti. Asiyejua aende kwa mtu mwenye stoo, aombe kusaidia kuhesabu mzigo siku moja, ashike kadi na hati kwa mikono yake. Aliyejua ajirekodi kwenye simu akijibu kwa dakika mbili, kisha asikilize. Kama anafika kwa bosi kabla ya kufika kwenye karatasi, arudie.

Kuna mambo hayamo mikononi mwako, kama miaka ya uzoefu au mtu wa ndani aliyekwishaandaliwa nafasi. Yaandike, uyaache. Na kama ni usaili wa serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, angalia kwanza umekwama hatua gani. Aliyeanguka kwenye mchujo wa kuandika ana kazi ya kusoma kada yake. Aliyefaulu mahojiano akakosa nafasi kwa sababu zilikuwa chache anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kuitwa baadaye, kwa hiyo ahakikishe namba yake ya simu kwenye akaunti aliyoombea kazi bado inapatikana.

Kwenye kampuni binafsi, omba maoni baada ya siku mbili tatu, ukiuliza jambo moja tu:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa nafasi ya usaili wa mtunza stoo. Matokeo nimeyapokea. Naomba kufahamu, ni sehemu gani ya majibu yangu iliyohitaji maarifa zaidi?"

Usiulize "kwa nini mmeninyima?" Hilo linasomeka kama malalamiko, na afisa rasilimali watu hulikwepa. Wengi hawatajibu hata ukiuliza vizuri, na ukimya wao usiupe maana yoyote. Akijibu mmoja, linganisha alichosema na safu yako ya tatu. Vikigongana, amini alichosema yeye, kwa sababu wewe ulikuwa unasoma nyuso tu, yeye alikuwa na karatasi ya alama mbele yake.