Mafunzo yatafanyika: nani atayafanya?

*"Jambo Mwalimu. Sisi ni shirika la wamama la hapa Ruashi, Lubumbashi. Tuliandikia wenzetu wa Mbeya barua ya kusudio tushirikiane kuhusu mahindi. Tuliandika hivi: 'Tuna nia ya kuimarisha ushirikiano wa karibu katika kilimo ili kuinua maisha ya jamii. Mafunzo yatafanyika hivi karibuni na posho itatolewa.' Wamejibu tu kwamba wameipokea kwa furaha. Kiswahili chetu kina kosa gani?"*

Sarufi yenu haina kosa, mama. Shida ni kwamba barua haikumwachia mtu wa Mbeya kitu cha kujibu zaidi ya kufurahi.

Anzeni na *yatafanyika*. Mkiona mlango uko wazi mnaweza kusema *umefunguka*, au *umefunguliwa*. Umefunguka: labda ni upepo. Umefunguliwa: yuko aliyeufungua, na mtu atauliza ni nani. Kiambishi *-ik-* kinamfuta mtendaji kabisa, na ndiyo sababu waandishi wa barua za mashirika wanakipenda. Mafunzo yenu yatafanyika kama ule mlango wa upepo. Ukiandika *yatafanywa*, swali la "na nani?" linakuja lenyewe. Bora zaidi mtaje mtu mwanzoni mwa sentensi: *mkufunzi wenu atafundisha*.

Kisha lengo. *Kuinua maisha ya jamii* hakuna atakayelikataa, wala hakuna atakayejua siku limetimia. Niliwapigia simu nikauliza mnachotaka hasa, mkaniambia bila kusita: mahindi mnayovuna mwezi wa tano yanaharibiwa na fukusi na ukungu kabla mwaka haujaisha. Basi hilo ndilo la kuandika, pamoja na namna ya kulipima:

*"Tunakusudia kuwafundisha wamama 40 wa Ruashi kukausha mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, na kuyahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Mwezi wa Novemba tutafungua magunia 10 pamoja nanyi, tuone kama yana fukusi au ukungu."*

Gunia likifunguliwa, jibu liko machoni pa wote wawili.

Sasa neno lililonishtua: *posho*. Hapa kwetu posho ni chakula. Wazee wetu walipewa unga na maharage na kampuni ya migodi, na mpaka leo Jumamosi ni *siku ya posho*. Mtu wa Mbeya akisoma "posho itatolewa" anafikiria pesa taslimu za kila siku. Ninyi mngemwandalia bukari, naye angengoja bahasha. Liacheni neno hilo, mseme *chakula* au *pesa za kujikimu*, na mtaje nani anatoa.

Siku nazo zina mtego. Niliwahi kumwandikia mgeni kutoka Tanzania aje *siku ya tatu*, yaani Jumatano kwa hesabu yetu ya Lubumbashi. Akaja Jumatatu, akanikuta nafua nguo. Yeye anahesabu tangu Jumamosi, sisi tangu siku ya kwanza ya kazi. Andikeni jina la siku pamoja na tarehe.

Hatua zenu nimeziandika upya hivi:

*"Katibu wetu atawatumia orodha ya wamama 40 kabla ya Jumamosi tarehe 14 Februari 2026. Tunaomba mtuambie jina la mkufunzi kabla ya Jumamosi tarehe 28 Februari. Tungependa afundishe siku tatu, kuanzia Jumatano tarehe 22 Aprili, kabla ya mavuno. Tunakusudia kumpa chakula na malazi. Tunaomba ninyi mlipe nauli yake na pesa za kujikimu. Barua hii haimfungi yeyote kulipa mpaka tutie sahihi mkataba."*

Mtaona nimebadili vitenzi kwa makusudi. *Atawatumia* ni ahadi, kwa sababu orodha mnayo tayari na haigharimu kitu. Kwenye chakula nimeandika *tunakusudia*, maana mkataba bado. Mkisema *tutalipa*, halafu chini yake *haimfungi yeyote*, sentensi moja inaikana nyingine. Na kwa upande wao nimeweka *tunaomba*. Huwezi kumwandikia mwenzako *mtalipa* kabla hajakubali. Hiyo ni amri, hata ukiitanguliza na salamu tano.

Jambo dogo la mwisho: kama kwenye kichwa cha barua mmeandika *ubia*, wekeni *ushirikiano*. Ubia ni wa watu waliochanga mtaji na wanaogawana faida, na mkurugenzi wa Mbeya anaweza kudhani mnamtaka aweke hela kwenye kinu chenu. Kama kweli mnamtaka aweke, hiyo ni barua nyingine.