Salmonela kwenye mayai: angalia jagi lako kabla ya ganda

*"Wakuu, nina banda la chipsi hapa Mtwara mjini. Mteja kaniambia mayai yana salmonela. Inaingiaje wakati ganda halijapasuka? Mimi mayai nayaosha yote yakifika. Na nipike mpaka nyuzi joto ngapi?"*

Mkuu, nafuga kuku wa mayai Naliendele, na kabla ya hapo nilikuwa jikoni hotelini, kwa hiyo nimeyaona pande zote mbili.

Njia ni mbili. Ya kwanza, kuku mwenyewe anakuwa na bakteria kwenye ovari na mrija wa uzazi, yai linaumbwa nao ndani kabla ganda halijajengwa. Aina inayosifika kwa hilo inaitwa Salmonella Enteritidis. Kuku huyo mara nyingi hana dalili yoyote, anataga kama wenzake, na yai ni safi kabisa kwa macho. Njia ya pili ni kinyesi. Ganda lina maelfu ya vitundu vidogo ambavyo yai hupumulia, vikizibwa na utando mwembamba unaokauka juu ya ganda baada ya kutagwa.

Hapo ndipo kuosha kunapokuharibia. Yai lililoshinda kwenye joto la Mtwara ukilitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi, vilivyomo ndani vinasinyaa na yai linavuta maji kupitia vile vitundu, pamoja na uchafu uliotoka kwenye mayai mengine ya ndoo hiyo hiyo. Na ule utando umeshausugua. Acha kuosha trei nzima. Lenye kinyesi kidogo lifute kwa kitambaa kikavu, lililochafuka sana au lenye ufa mrudishie muuzaji.

Lakini kwa banda la chipsi, mimi naogopa zaidi lile jagi. Unajua ninalosema: asubuhi mtu anapasua trei nzima, anapiga, anaweka chumvi, linakaa pembeni ya jiko mpaka jioni anachota tu. Yai likiwa zima, ute mweupe unapambana na bakteria, maana una kemikali zinazowavunja na nyingine inayowanyima madini ya chuma. Kiini ndicho chakula chao, na kinalindwa na ngozi yake. Ukishapiga, ulinzi wote umeuvuruga, na yai moja lenye ugonjwa limeenea kwenye mayai 30. Chukua mfano wa bakteria 10 tu. Kwenye joto la nyuzi 30 na kitu wakishazoea mazingira wanaweza kuongezeka mara mbili kila nusu saa hivi. Baada ya saa nne ni zaidi ya 2,500, na jagi halinuki wala halibadiliki rangi.

Kwa hiyo pasulia kwenye kikombe, yai la oda hiyo tu. Linachelewesha kidogo, najua, foleni ya jioni haina subira.

Sasa moto. Namba ya kushika ni nyuzi joto 71 katikati ya chakula. Hapo salmonela inakufa ndani ya sekunde. Kwenye 63 inakufa pia, ila inahitaji dakika kadhaa. Bahati nzuri yai lenyewe linakuonyesha: ute unaanza kuganda kwenye 62 hivi, kiini kinaanza kuwa kizito kwenye 65 na kuganda karibu na 70. Kiini kilichoganda kabisa kimefika au kimekaribia sana, kinachotiririka bado.

Chipsi mayai inadanganya kwa sababu ni nene. Nimewahi kuchoma kipimajoto cha sindano katikati kabla ya kugeuza: pembeni kumeshakuwa kahawia, katikati hakujafika hata 60, maana mayai yamejificha kati ya chipsi. Punguza moto, funika kwa sahani, geuza, kisha ubandue katikati kwa ncha ya kisu. Ukiona ute unaong'aa na kuteleza kati ya chipsi, rudisha. La kuchemsha, ukilitia maji yakiwa yanachemka, dakika 10 zinatosha. La kienyeji huwa dogo, linawahi kidogo.

Anayetaka kiini cha maji, kama ni mtu mzima mwenye afya, hiyo ni hiari yake. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee, mwenye VVU au selimundu usimpe hata akisisitiza. Kwa wengine ni kuhara, homa na tumbo kukata kuanzia saa 6 mpaka siku 3 baada ya kula, lakini kwa mwenye selimundu bakteria hao wanaweza kuingia kwenye damu na kushambulia mifupa.

Na mkono uliopasua yai usikate kachumbari kabla ya sabuni. Kachumbari haipiti motoni.