Antena ya wima: SWR ikisoma vizuri, usishangilie bado

Antena ya wima ya robo wimbi kwa bendi ya megahezi 7 haina makuu. Ni bomba la alumini la mita 10 hivi, limesimama juu ya kitako cha plastiki, na waya wa kati wa kebo ya koaksia umefungwa kwenye bomba. Swali ni ile ngao ya koaksia: inaungwa na nini?

Fundi umeme wa mtaani atakuambia upige nondo ya arthi. Ipige, maana radi za Kanda ya Ziwa hazina mzaha, ila usiitegemee kwa kazi nyingine. Umeme unaopanda kwenye bomba lazima urudi kwenye ngao, na unarudi kupitia ardhi yote inayozunguka kitako. Ardhi isiyopitisha umeme vizuri inageuza nguvu za redio yako kuwa joto. Waya za chini, zile zinazotandazwa ardhini kuzunguka kitako na kuungwa na ngao, zinaupa umeme huo njia nyepesi ya kurudi.

Mwanza tuna mwamba wa granaiti na udongo kiduchu juu yake. Wengi wanajifariji kwamba ziwa lipo hapo chini. Ziwa Victoria ni maji baridi. Maji ya bahari kule Tanga yanapitisha umeme mara mia kadhaa zaidi yake.

Sasa angalia mtego wenyewe. Antena hii juu ya ardhi kamilifu ina ukinzani wa omu 36 hivi. Kwangu, nikiwa na waya nne tu, kipimo cha antena kilisoma omu 55. Redio inataka 50, kwa hiyo SWR, namba inayoonyesha antena inavyolingana na redio, ambapo 1 ndiyo kamili, ilikuwa 1.1, safi kabisa. Lakini zile omu 19 za ziada ni upotevu ardhini: ukitoa wati 100, zinazoruka hewani ni kama 65. Nilipofikisha waya 24, kipimo kilishuka hadi omu 41. SWR ikapanda kuwa 1.2, na hewani zikaenda wati 88 hivi. Anayeangalia SWR peke yake angezing'oa waya zile!

Waya za kulaza chini hazihitaji urefu maalumu, kwa kuwa ardhi inavuruga masafa yanayoitikiwa na waya hata hivyo. Ukiwa na waya mita 80, kata vipande 16 vya mita 5 kuliko 8 vya mita 10, uvitandaze pande zote. Nilichuna waya za nyumba, nikazibana kwenye majani kwa vijipini vya waya mgumu. Ukifukia, sentimita chache zinatosha, jembe lisizifikie tu. Penye mwamba, zilaze juu na kuzigandamiza kwa mawe.

Ongeza nne nne, kila mara ukitafuta upya masafa ambayo kipimo kinasoma X=0, yaani antena inaitika sawasawa, ndipo usome omu. Nne mpya zikishusha kipimo kwa pungufu ya omu moja, weka koleo chini.