Picha za kila rangi kwenye wasilisho moja: maswali na majibu

Nina slaidi za utalii wa mkoa wetu. Picha za Tendaguru ni za zamani, nyeusi na nyeupe. Za Kilwa Kisiwani nimepiga kwa simu. Zote nimezipaka bluu kwa Recolor ya PowerPoint, bado hazifanani. Kwa nini? (Lindi mjini)

Recolor imebadilisha rangi tu, tofauti ya mwanga imebaki vilevile. Programu hupima kila nukta ya picha ina mwanga kiasi gani, kisha huipa nafasi yake kati ya rangi mbili: vivuli huchukua rangi nzito, sehemu zenye mwanga huchukua nyepesi. Picha za uchimbaji wa mifupa ya dinosaria uliofanyika Tendaguru 1909 hadi 1913 mara nyingi zimefifia, nyeusi yake imeshakuwa kijivu. Ukizipaka bluu, unapata bluu iliyopauka. Magofu ya Kilwa yaliyopigwa saa saba mchana ni kinyume chake: anga nyeupe kabisa, ndani ya matao giza tupu.

Kwa hiyo sawazisha mwanga kabla ya kupaka. Fungua picha kwenye Photopea, programu ya picha inayofunguka kwenye kivinjari, bonyeza Ctrl+L, utaona mchoro wenye vilima. Tuseme kwenye picha ya Tendaguru vilima vinaanzia 60 na kuishia 200. Sogeza kishale cheusi hadi 60 na cheupe hadi 200. Weusi na weupe vitarudi. Picha ya Kilwa ipunguze ukali kwa vishale vya mstari wa chini: cheusi kiweke kwenye 20, cheupe 235. Anga iliyoungua haitarudisha mawingu, ila haitachoma macho kuliko jirani zake.

Sasa paka rangi: Layer, New Adjustment Layer, Gradient Map. Upande wa vivuli weka #12343B, upande wa mwanga #F6EBD3, na tumia jozi hiyohiyo kwa kila picha. Ukishazirudisha kwenye PowerPoint, usizikague moja moja. Fungua View, Slide Sorter, uzitazame zote zikiwa ndogo. Ile inayokuvuta jicho kwanza bila sababu ndiyo ya kurudia kwenye Ctrl+L.

Picha za wanachama wa AMCOS yetu nimezipaka kijani, sura za watu zimepotea. Nifanyeje? (Masasi)

Bila shaka umechagua safu ya Dark kwenye Recolor. Safu hiyo huanzia nyeusi na kuishia kwenye rangi uliyochagua, kwa hiyo hakuna sehemu inayofika weupe, na uso wa mtu mweusi aliyesimama chini ya mkorosho unaishia gizani. Chagua safu ya Light, inayoanzia kwenye rangi na kuishia nyeupe. Sura zitarudi mara moja.

Zikibaki nzito, tatizo liko kwenye namna rangi zilivyogeuzwa kuwa kijivu. Kwenye Photopea nenda Image, Adjustments, Black and White, upandishe Reds na Yellows kidogo kidogo. Ngozi ya kahawia ina wekundu na unjano mwingi, hivyo uso unang'aa. Njia hii huokoa pia picha za mabibo: bibo jekundu na jani la kijani huweza kuwa na mwanga uleule, ukizipaka rangi moja zinayeyukiana. Ukipandisha Reds, bibo linajitenga na jani. Usizidishe, maana ngozi huanza kuonyesha chembechembe na mabaka, hasa kwa picha iliyopita WhatsApp. Mwombe mpigaji akutumie kama faili, siyo kama picha.

Vipi picha za majani ya mkorosho yenye ubwiri unga? (Newala)

Hizo ziache na rangi zake. Mkulima anatakiwa aone unga ule mweupe wa kijivu juu ya jani changa au ua, na ukipaka rangi dalili yenyewe inaweza kufanana na mwanga wa jua juu ya jani. Ni hivyohivyo kwa picha za kutenganisha madaraja ya korosho. Zikate kwa ukubwa mmoja na uzizungushie mpaka wa rangi ya slaidi nyingine. Hapo zitaonekana za familia moja bila kupotosha.

Nimehamishia slaidi kwenye faili la ofisi, picha zote zimegeuka rangi ya machungwa! (Mtwara)

Rangi za Recolor zile za safu mbili hufuata mandhari ya faili, yaani Theme. Faili la ofisi lina mandhari yake, nazo picha zimeifuata. Futa ulizobandika, zibandike upya, na kwenye chaguo za kubandika uchague Keep Source Formatting. Kama ofisi inataka mandhari yake ibaki, kata picha kwa Ctrl+X kwenye faili la zamani, bonyeza Ctrl+Alt+V, uchague PNG. Rangi itaganda ndani ya picha na haitabadilika tena. Lakini hapo Reset Picture haitakurudishia picha ya awali, kwa hiyo hifadhi nakala kwanza.