"Alfa chini, beta juu" ilinila mwaka mzima

"Jamani mliomaliza kidato cha sita, mie niko Wete. Glukosi ikijifunga kuwa pete, alfa na beta zinatofautiana wapi hasa? Mwalimu wa tuisheni katupa 'OH chini alfa, OH juu beta', nikikariri inatosha? Na kwa nini kwenye pete aldehaidi haionekani lakini Benedikti bado inabadilika rangi? Mtihani wiki ijayo."

Ifute hiyo. Leo, kabla hujalala. Miye niliinunua kwa mwalimu wa tuisheni hapa mjini, kwa pesa ya kuchuma karafuu msimu mzima, ikanirudisha skuli kukaa dawati moja na mdogo wangu. Darasa zima likaniita Mzee Alfa. Nikacheka nao, ningefanyaje?

Sikiliza swali lililonimaliza. Pete moja tu ya glukosi. Oksijeni ya pete iko nyuma, kushoto. CH2OH inaning'inia chini, nyuma kulia. Kaboni ya 1 iko kushoto kabisa na OH yake inaelekea chini. Wakauliza mambo matatu: hii ni anoma gani, ikiyeyushwa majini sasa hivi, pembe ya kugeuza mwanga kwenye polarimita itapanda au itashuka, na pete za aina hii zikiungana kaboni ya 1 kwa ya 4 zinatoa wanga au selulosi. Nikaona OH chini, roho ikatulia. Alfa, itashuka, wanga. Nikamaliza wenzangu wakiwa bado wanachora, nikakaa natazama dirishani kama bwana harusi.

Yote matatu makosa. Ilikuwa beta, imepinduliwa tu.

Hebu tuangalie pete inavyofungwa, maana yule bwana aliruka hapa akaenda moja kwa moja kwenye wimbo wake. Glukosi ya mnyororo ina aldehaidi kwenye kaboni ya 1. OH ya kaboni ya 5 inajikunja, oksijeni yake inaishika kaboni ya 1, na ile oksijeni iliyokuwa ya aldehaidi inapata hidrojeni inakuwa OH. Hiyo ndiyo hemiasetali: kaboni moja imeshika oksijeni mbili, moja ya pete na moja ya OH. Sasa, kaboni ya aldehaidi ni bapa, kama chapati kwenye chuma. Inashikwa kwa uso huu au kwa uso ule, na OH mpya inabaki upande mmoja au mwingine. Maumbo mawili yanatoka hapo, na kaboni nyengine zote hazijaguswa.

Upande wa nini, basi? Wa CH2OH. OH ya kaboni ya 1 ikiwa upande mmoja wa pete na CH2OH, ni beta. Zikipishana, ni alfa. Ngalawa ikipinduka mlingoti unaelekea chini, lakini tanga bado liko upande wa mlingoti. Rudi kwenye pete yangu: CH2OH chini, OH chini, ziko pamoja. Beta. Haworth alipewa Nobel 1937 na sidhani alitaka michoro yake isomwe kwa kuangalia dari na sakafu.

Na ona kosa moja lilivyozaa. Beta ikiyeyuka inaanza karibu +18.7, pete zinafunguka, aldehaidi inajitokeza kidogo, ndiyo hiyo inayobadilisha Benedikti yako, kisha zinajifunga upya, nyengine zinajifunga alfa, na pembe inapanda hadi +52.7. Alfa ndiyo inayoshuka, kutoka kama +112 hadi hapo hapo. Selulosi nayo ni beta, na wachoraji wake huipindua kila pete ya pili, kwa hiyo mtu wa "chini-juu" akiitazama anaona alfa, beta, alfa, beta, kama kanga ya mistari.

Kwa hiyo kwenye karatasi yoyote fanya hivi: tafuta kaboni yenye oksijeni mbili, kwenye glukosi hiyo ndiyo ya 1. Tafuta CH2OH ilipo. Ndipo useme. Fruktosi tu ndiyo itakuchanganya kidogo kwa kuwa ina CH2OH mbili. Linganisha na ile ya mwisho wa mnyororo, si ile iliyokaa kwenye kaboni yenye oksijeni mbili.

Yule mwalimu nilimkuta Darajani baada ya matokeo. Kaniambia "lakini kwenye kitabu changu iko chini." Wallahi nilimnunulia juisi ya miwa nikaondoka, maana ningekaa ningesema maneno mengine.

Chora beta sasa hivi, geuza daftari juu chini, iite jina tena bila kuikumbuka. Ukisema alfa, wewe bado uko kwake.